Stakabadhi ghalani kwa mkulima wa mpunga: jua bei yako ya kurudisha gharama kabla ya kuweka gunia

Mimi ni mkulima wa mpunga katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikihifadhi sehemu ya mavuno yangu katika ghala linaloendeshwa na chama chetu cha akiba na mikopo kwa utaratibu wa stakabadhi, yaani ghala linanipa hati ya mzigo nilioweka, nami nakopa kwa dhamana ya mzigo huo huku nikisubiri bei ipande. Swali ninaloulizwa mara nyingi na wakulima wenzangu ni kama mfumo huu unalipa. Jibu langu huwa ni kwamba unalipa pale tu mkulima anapojua, siku ile ile anapopeleka magunia, bei ambayo akiuza chini yake atakuwa amepata hasara kuliko angeuza shambani.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaweza kuubadilisha kwa takwimu za kijiji chake. Mkulima ana kilo 2,000 za mpunga mkavu mwezi Juni, wakati kila mtu anavuna na mnunuzi anatoa shilingi 700 kwa kilo. Thamani yake ni shilingi 1,400,000. Chama kinamkopesha asilimia 60 ya thamani hiyo, yaani shilingi 840,000, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Akikaa na mkopo huo miezi sita, riba inafika shilingi 75,600. Magunia yake ni 25 ya kilo 80, na ghala linatoza shilingi 1,500 kwa gunia kwa msimu mzima, pamoja na dawa na bima, hivyo anadaiwa shilingi 37,500 nyingine. Mpunga nao hupungua uzito kidogo ukiwa ghalani kwa sababu unaendelea kukauka. Tukikadiria asilimia moja, atauza kilo 1,980 badala ya 2,000.

Jumlisha shilingi 1,400,000 ambazo angezipata Juni na gharama za shilingi 113,100, kisha gawanya kwa kilo 1,980. Unapata kama shilingi 764. Hiyo ndiyo bei ya kurudisha gharama. Bei ikifika 950 mwezi Desemba, mkulima huyu atauza kwa shilingi 1,881,000, na baada ya riba na ada atakuwa amepata shilingi 367,900 zaidi ya mwenzake aliyeuza Juni. Lakini ikiishia 740, atakuwa amepoteza shilingi 47,900, ingawa kila mtu kijijini atasema kwamba bei imepanda. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa kuwa wanalinganisha bei na bei na kusahau kilichokatwa katikati.

Jambo la pili linaloonekana katika hesabu hiyo ni kwamba bei ya kurudisha gharama haikai mahali pamoja. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 12,600, na ukiigawa kwa kilo unapata zaidi kidogo ya shilingi sita. Kwa hiyo kila mwezi unaoongeza kusubiri, soko linapaswa kupanda angalau shilingi sita kwa kilo ili ubaki ulipokuwa. Kwetu bei kwa kawaida hupanda kuelekea mwisho wa mwaka na miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, kisha hulegea mpunga mpya unapokaribia kuingia sokoni. Anayesubiri hadi Aprili kwa matumaini ya shilingi 50 zaidi mara nyingi analipa riba bila kuzipata.

Tena, bei inaweza isipande kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Serikali iliruhusu mchele wa nje kuingia nchini bila ushuru, na bei ya wakulima wa ndani ikashuka. Bima ya ghala hulipa moto na wizi. Hailipi kushuka kwa bei. Kwa sababu hiyo siungi mkono kukopa hadi kiwango cha juu kabisa ambacho chama kinaruhusu, hata kama kiko wazi kwako. Mwenye mkopo wa asilimia 75 hubanwa mapema soko likilegea, kwa kuwa mkopeshaji anayeona dhamana yake inapungua anaweza kutaka mzigo uuzwe. Chukua kile kinachotosha ada za shule, vibarua na maandalizi ya shamba, na mpunga wa chakula na mbegu uache nyumbani.

Sehemu inayowaudhi wengi ni mapokezi. Mtunza ghala wetu huchoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye uwazi cha kutolea punje, anachanganya sampuli na kuipima kwa kipima unyevu, ikizidi asilimia 14 anasema tu, "Mzee wangu, rudi ukaanike." Si ukaidi. Mpunga wa asilimia 18 ukikauka hadi 14 hupoteza karibu kilo 47 katika kila tani, na ukipokelewa hivyo hivyo utapata joto katikati ya lundo, utaota ukungu na kuharibu magunia ya jirani. Ili usipoteze nauli, jaribu nyumbani kwanza: weka chumvi kavu na konzi kadhaa za mpunga katika chupa kavu, funga, tikisa kwa dakika chache kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado ni mbichi.

Namna ya kuanika nayo ina bei yake. Mpunga uliotandazwa kwa tabaka jembamba kwenye turubai juani mchana kutwa bila kugeuzwa, au uliokauka kisha ukanyeshewa umande usiku, hupasuka ndani ya ganda bila wewe kuona. Mnunuzi atakoboa sampuli na kuona chenga nyingi, na bei itapungua. Vilevile usichanganye Saro 5 na Supa katika gunia moja, kwani ghala huweka pamoja mizigo ya aina na daraja moja, na mchanganyiko hukosa kundi lake.

Ukishapimiwa, utapewa stakabadhi yenye sehemu mbili: hati ya umiliki na hati ya dhamana. Hati ya dhamana ndiyo inayobaki kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Kabla ya kusaini, soma uzito wa jumla kwa kilo, daraja, unyevu, ada na tarehe ya mwisho ya kuhifadhi. Uzito kwa kilo ni muhimu kuliko idadi ya magunia, hasa kwetu tuliozoea lumbesa, ambapo gunia hujazwa kupita kipimo chake. Uliza pia kama leseni ya ghala kutoka Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala bado ni hai, kwa sababu nguvu ya karatasi hiyo mbele ya mkopeshaji inatokana na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, wala haitokani na muhuri wa chama peke yake.

Siku ya kuuza, fedha za mnunuzi hupitia kwanza kwa mkopeshaji, ambaye hukata mkopo na riba, kisha ghala hukata ada, na kinachobaki huingia katika akaunti yako. Katika mfano wetu wa bei ya 950, mkulima atapokea shilingi 927,900, kwa kuwa 840,000 alishazitumia tangu Juni. Dai mchanganuo ulioandikwa unaoonyesha kila kato kwa jina lake, ukiwemo ushuru na mchango wa chama, na uulize mapema fedha zitachukua siku ngapi kufika, kwa maana riba huendelea kuhesabiwa mpaka siku mkopo unapofungwa, si siku lori lilipoondoka na mzigo.