Mhadhiri kaandika "Kwa hiyo?" mara nne: nijikague vipi kabla ya kukabidhi insha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasomea ualimu na somo langu ni Kiswahili. Insha zangu zote zinarudi na 12 au 13 kati ya 20, na pambizoni mhadhiri anaandika yale yale: "Kwa hiyo?", "Nani kasema?", "Fafanua". Jedwali la vigezo vya alama tunapewa. Nalisoma kabla ya kukabidhi, naona kila kitu nimefanya, halafu alama hazipandi. Nifanyeje ili makosa niyaone mwenyewe kabla hajayaona yeye?

Jibu: Marahaba. Shida ni kwamba jedwali limeandikwa kwa maneno ya hakimu. "Uchambuzi wa kina" ni hukumu ya mtu aliyekwisha kuisoma kazi yako. Haikwambii ukae mezani ufanye nini. Ukijiuliza saa sita usiku, macho mazito, "je, nimechambua kwa kina?", jibu litakuwa ndiyo, kila siku. Maneno ya pambizoni yako kinyume chake. Yanagusa mahali hasa penye tatizo, lakini hayasemi tatizo hilo limekula alama ngapi. Kila upande una nusu ya habari, na orodha nzuri ya kujikagua hutoka pale unapozioanisha.

Nitakuonyesha kwa insha ya mwanafunzi mmoja aliyeniletea kazi zake za nyuma. Swali lilikuwa: "Jadili mchango wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki katika usanifishaji wa Kiswahili." Alipata 12. Jedwali lao lilikuwa na vigezo vitano: kuelewa swali alama 3, hoja na uchambuzi 8, matumizi ya vyanzo 4, mpangilio 3, lugha na marejeleo 2. Yeye alipata 2, 4, 2, 2.5 na 1.5, kwa mfuatano huo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kunakili kila neno la mhadhiri, neno kwa neno, hata alama ya kuuliza iliyoachwa peke yake, kisha kuandika mbele ya kila moja linaangukia kigezo gani. Yalikuwa 19. Kumi yalihusu lugha na marejeleo: koma, tahajia, mwaka uliosahaulika kwenye rejeleo. Manne tu yalihusu hoja. Akaniambia, "Basi tatizo langu ni lugha." Nikamwomba ahesabu alama zilizopotea badala ya kuhesabu maneno mekundu. Lugha na marejeleo: nusu alama. Hoja na uchambuzi: alama 4, yaani nusu ya zote 8 alizopoteza.

Hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Msahihishaji mwenye rundo la insha huzungushia duara kile kinachozungushika haraka. Koma inachukua sekunde moja. Kueleza kwa nini aya nzima haijengi hoja kunachukua dakika tano, kwa hiyo anaandika "Kwa hiyo?" na kufunua ukurasa. Ukitengeneza orodha kwa kufuata wingi wa maneno mekundu, utapata orodha ya kusafisha koma. Kama jedwali lako halirudi na alama za kila kigezo, mwombe mhadhiri akutajie walau kigezo kilichokuangusha zaidi. Swali fupi kama hilo hujibiwa.

Hatua ya pili ni kusoma jedwali kwa kulinganisha ngazi mbili zinazopakana: ile uliyopo na ile iliyo juu yake mara moja. Ya juu kabisa iache kwanza. Kwenye kigezo cha hoja, ngazi ya alama 3 hadi 4 ilisema "hoja zinatajwa na kuelezwa". Ngazi ya 5 hadi 6 ilisema "hoja zinafafanuliwa kwa ushahidi na kuhusishwa na swali". Usibabaishwe na sifa kama "kwa kina" au "kwa ufasaha", tazama vitenzi. Kilichoongezeka ni vitendo viwili: kuleta ushahidi na kuhusisha na swali. Sasa rudi pambizoni: "Nani kasema?" ni ushahidi uliokosekana, na "Kwa hiyo?" ni uhusiano na swali uliokosekana. Mhadhiri alikuwa anasoma jedwali lile lile ulilonalo wewe, ila kwa lugha ya mkato.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: kugeuza kila jozi kuwa swali ambalo huwezi kulijibu kwa "ndiyo" bila kuweka kidole kwenye karatasi. Usiandike "Je, nimehusisha hoja na swali?" Andika: "Katika kila aya, pigia mstari sentensi moja ambayo isingekuwa na kazi hapa kama swali la insha lingekuwa jingine." Aya isiyopata mstari ndiyo itakayoandikiwa "Kwa hiyo?".

Tuijaribu kwenye aya yake mwenyewe:

"Kamati iliundwa mwaka 1930. Kamati ilichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Pia ilisimamia vitabu na kamusi. Mwaka 1939 kamusi ya Frederick Johnson ilichapishwa. Kwa hiyo Kamati ilitoa mchango mkubwa."

Ipi unaipigia mstari? Ya mwisho inajifanya ndiyo, lakini inarudia swali tu na kulibandika neno "mkubwa". Nyingine zingekaa vizuri hata kama swali lingekuwa "Eleza historia ya Kiswahili". Kwa hiyo hakuna mstari. Sasa chukua swali la pili la orodha, lililozaliwa na "Nani kasema?": "Kila sentensi inayotaja tukio, tarehe au uamuzi, chanzo chake kiko wapi? Kifungue tena uone kinasema hivyo." Alipofungua chanzo, akakuta Kiunguja kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, miaka miwili kabla ya Kamati kuanza kazi. Sentensi yake ya pili ilikuwa na kosa, na hoja nzima ilisimama juu yake.

Kosa hilo ndilo lililomfungulia hoja. Kama Kamati haikuchagua lahaja, basi mchango wake ni upi? Aya ikaandikwa upya hivi:

"Kamati haikuchagua Kiunguja; uamuzi huo ulikwisha kufanywa Mombasa mwaka 1928. Mchango wake ni kuufanya uamuzi ushike. Vitabu vya shule vilipitia kwake kupata idhini, na kwa njia hiyo tahajia moja ikaingia madarasani hata kwa watoto waliozungumza Kimvita nyumbani."

Baada ya aya hiyo anaweka rejeleo lake, kisha anaingia kwenye kamusi za 1939 kama njia ya pili ya kuufanya uamuzi ushike. Pigia mstari sentensi ya "Mchango wake". Ikiondolewa, aya inabaki masimulizi.

Orodha yake ya mwisho ilikuwa na maswali sita, na sikumruhusu azidishe. Orodha ya maswali ishirini hukaguliwa kwa macho tu, tiki, tiki, tiki, kama abiria anayesaini fomu asiyoisoma.

1. Kitenzi cha swali ni kipi (jadili, eleza, tathmini), na ni aya ipi inayotenda kitendo hicho? Kama ni "jadili", mwenye mtazamo tofauti anasikika wapi?
2. Sentensi iliyopigiwa mstari katika kila aya iko wapi?
3. Kila tukio, tarehe na uamuzi: chanzo kimefunguliwa tena?
4. Baada ya kila nukuu, kuna sentensi yangu mwenyewe inayosema nukuu hiyo inafanya kazi gani?
5. Nikiandika kila aya kwa sentensi moja kwenye karatasi tupu, mfuatano unasomeka bila kuruka?
6. Kila jina lililo ndani ya insha limo kwenye marejeleo, na kila rejeleo lina mwaka?

Mpangilio huo una sababu. Swali la kwanza hadi la tano hukaguliwa siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu majibu yake yanaweza kukulazimisha kuandika aya upya. La sita ni kazi ya jioni ya mwisho. Ukianza na koma utasafisha aya ambayo kesho utaifuta.

Kabla hujaiamini orodha yako, ijaribu. Chukua insha ya zamani ambayo hukuitumia kuitengeneza, funika pambizo kwa karatasi, ikague kwa maswali yako, kisha funua ulinganishe. Mwanafunzi wangu alikamata "Kwa hiyo?" zote isipokuwa moja. Iliyomponyoka ilikuwa kwenye utangulizi, kwa sababu alizoea kuanza kukagua aya ya pili. Akaongeza maneno "pamoja na utangulizi" kwenye swali la pili. Swali lisilokamata chochote kwenye insha mbili za zamani halina kazi. Lifute uliachie nafasi jingine. Na pale mhadhiri alipoandika "vizuri" au kuweka tiki, soma ujue ulifanya nini, maana hapo una mfano wa ngazi ya juu kwa mkono wako mwenyewe.

Kuna mipaka miwili. Neno lililotokea mara moja tu, kwa mhadhiri mmoja, liandike pembeni na jina la kozi na usilipe swali zima; huenda ni pendeleo lake. Likijirudia kwa mhadhiri wa pili, linaingia. Pia orodha hii haitakupa hoja usiyokuwa nayo. Kama umesoma chanzo kimoja tu, maswali yote sita yatakuonyesha pengo lakini hayatalijaza, na kwa kawaida utaligundua kwenye swali la kwanza, pale "mwenye mtazamo tofauti" anapokosa jina.

Jihadhari na ujanja mmoja ambao orodha yenyewe huuzaa. Ukishajua kwamba kila aya inahitaji sentensi ya kuhusisha, mkono utaanza kubandika "Hii inaonyesha kwamba Kamati ilikuwa na mchango" mwishoni mwa kila aya. Mhadhiri atauona kwenye aya ya tatu. Namna ya kujikamata ni kuifuta sentensi hiyo na kusoma aya bila yake: kama hakuna kilichopotea, haikuwa imehusisha chochote. Mara nyingi hapo tatizo liko juu zaidi, kwenye sentensi ya kwanza ya aya, ambayo imetaja mada badala ya kudai jambo. Anza kuirekebisha hiyo.