Kilomita ya 32: miguu imekwisha, au ubongo umekanyaga breki?

Kwa miaka mingi, kasi yangu ilipoanguka kwenye kilomita ya 32 ya marathoni nilijua dawa moja tu: kukaza roho. Siku moja mazoezini niliikaza nikiteremka mlima mrefu, na kwa siku nne zilizofuata nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza uchovu wangu unatoka wapi.

Uchovu wa msuli ni pale amri inapofika lakini nyuzi haziitiki sawasawa. Akiba ya wanga imepungua, au kalsiamu inayoufanya msuli ujikunje haitoki ya kutosha. Uchovu wa ubongo ni kinyume chake: nyuzi bado zina nguvu, ila amri yenyewe imefifia. Maabara huugundua hivi: mtu anakaza paja kwa nguvu zake zote, kisha neva ya paja inashtuliwa kwa umeme. Nguvu ikiongezeka pale pale, basi kuna kiasi ambacho ubongo haukukiita.

Msidhani breki hiyo ni uvivu. Mwaka 2009 mtafiti Markus Amann na wenzake waliwachoma waendesha baiskeli dawa kali ya maumivu iitwayo fentanili kwenye uti wa mgongo, ili habari za misuli zisifike ubongoni, kisha wakawapa kilomita 5 za kushindana na saa. Walianza kwa kasi kuliko kawaida, wakapoa baadaye, na muda wao haukuwa bora. Walichopata ni misuli iliyochoka kupita kiasi, hata kutembea kukawa shida.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kukaza roho, napima. Nikifika sehemu tambarare nasukutua kinywaji chenye wanga kwa sekunde 10, nakitema, kisha nachomoka kwa kasi sekunde 15. Nilichotema hakijafika kwenye damu, hivyo nikipata wepesi, ni ubongo uliolegeza breki baada ya kuonja.

Mara ya mwisho nilikuwa nimeshuka kutoka dakika 6:10 kwa kilomita hadi 7:00. Nilisukutua, nikachomoka, miguu ikaitika. Nikamaliza kwa 6:20. Safari nyingine goti lilitaka kukunjika lenyewe kila nilipokanyaga, na sikuweza kuongeza kasi hata hatua kumi. Huo ulikuwa msuli, nikatembea mteremko wote.

Kipimo hiki hakitenganishi kila kitu, maana mara nyingi aina zote mbili huja pamoja. Na ukitetemeka, ukatoka jasho baridi au ukaona kizunguzungu, usipime chochote: simama, unywe kitu chenye sukari na kukimeza.

Kwa upande wa mapaja, kilichonisaidia ni kuteremka kilima cha kilomita 2 kwa mwendo wa wastani kila baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza yaliuma siku tatu. Mara ya tatu niliamka nikashuka ngazi kama kawaida.