Kabla hujaandikisha mshiriki wa kwanza: kuandika vigezo vya jaribio dogo la awali

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya utafiti wa afya ya akili hapa Bukavu, jambo ninalotaka mlishike mapema ni hili: jaribio dogo la awali halipimi kama tiba inaponya. Linapima kama jaribio kubwa linawezekana. Kwa hiyo kazi ngumu iko kwenye vigezo vya kusonga mbele, na vigezo hivyo huandikwa kabla ya mtu wa kwanza kutia saini. Mwongozo wa CONSORT wa majaribio ya awali, wa mwaka 2016, unataka uviripoti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tunataka kujaribu PM+, programu ya Shirika la Afya Duniani ya kuwasaidia watu wenye huzuni na msongo wa mawazo, yenye vikao 5 vya kila wiki, kila kimoja dakika 90, inayoendeshwa na wasaidizi waliofunzwa ambao si wanasaikolojia. Tunatafuta watu 60 kwa wiki 12, katika vituo viwili vya afya, kimoja Kadutu na kingine Ibanda. Kwa kura, 30 wanapata vikao na 30 wanapata huduma ya kawaida. Kigezo cha mahudhurio tunakiandika kwa rangi tatu: wakifika angalau vikao 4 watu 75% au zaidi, ni kijani, tunaendelea, kuanzia 55% hadi chini ya 75% ni njano, tunarekebisha kwanza, chini ya 55% ni nyekundu, tunasimama.

Mwisho wa kazi, watu 21 wamefika vikao 4 au zaidi. Je, ni rangi gani? Inategemea unagawanya kwa nani. Ukigawanya kwa 30 wote walioangukiwa na kura ya vikao, ni 70%, yaani njano. Lakini 5 kati yao hawakuja hata kikao cha kwanza. Ukiwatoa, 21 kwa 25 ni 84%, na mradi umegeuka kijani bila mtu yeyote kubadilisha chochote kule kituoni. Mfadhili akisubiri ripoti, hesabu ya pili inavutia sana. Ndiyo maana sentensi ya kigezo lazima itaje watu gani wanahesabiwa, na mimi nasema ni wote waliopangiwa vikao, maana wale 5 ndio habari yenyewe.

Hata hiyo 70% isome kwa tahadhari. Kwa watu 30, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya takribani 52% na 83%, kwa uhakika wa asilimia 95. Upana huo unagusa rangi zote tatu. Basi rangi haikupi uamuzi peke yake. Inakuambia uende kuuliza sababu. Na kama mahudhurio yenyewe yanayumba hivyo, usilinganishe alama za huzuni za makundi mawili ukatangaza ushindi.

Uandikishaji nao una mtego wake. Watu 60 kwa wiki 12 ni 5 kwa wiki, na tuseme tumewapata kwa wakati. Lakini fungua rejista ya kila kituo: Kadutu 46, Ibanda 14. Jaribio kubwa likihitaji vituo kumi, vingi huenda vikafanana na Ibanda kuliko Kadutu, ambako pengine muuguzi mmoja mwenye moyo ndiye aliyeleta karibu wote. Andika kigezo cha kila kituo, na kila wiki hesabu waliochunguzwa, waliostahili, waliokataa, na sababu waliyoitoa.

Kuhusu kukubalika kwa tiba, fomu ya kuridhika ya maswali 8, CSQ-8, ina alama 8 hadi 32. Ukiona karibu kila mtu ana 30 au 31, usifurahi upesi. Mama aliyepokelewa vizuri hatamwambia msaidizi wake usoni kwamba vikao vilimchosha, heshima haimruhusu. Mwulizaji awe mtu mwingine, asiyehusika na vikao. Halafu, waliojaza fomu ni waliobaki. Watafute walioacha, kwa simu au kupitia wahamasishaji wa afya wa mtaa, mradi walikubali tangu mwanzo kutafutwa hivyo, na mhamasishaji asijue ni mradi wa nini.

Katika mfano wetu, wale 5 wangeweza kusema mambo mawili: kikao kinaangukia siku ya biashara yao sokoni Kadutu, na mlango wa chumba unatazamana na benchi la wanaosubiri, kila jirani anaona nani anaingia. Hayo yanarekebishika. Yaandike kando ya rangi ya njano: siku gani mpya, chumba gani, nani atahakikisha. Kisha pitisha kundi dogo jingine kwa utaratibu huo mpya, ukihesabu kwanza waliofika kikao cha kwanza.