Mota ya dirisha ikikwama, ampea ndizo zinazosema

Dirisha la juu la kitalu nyumba changu cha nyanya hufunguliwa na mota ndogo ya volti 12 yenye gia. Mwanzoni niliipima kwa muda tu: sekunde 14 kufungua, 14 kufunga. Siku moja reli ilijaa vumbi, dirisha likagoma katikati, na mota ikaendelea kusukuma hadi muda ukaisha. Meno mawili ya gia ya plastiki yalikatika. Tangu siku hiyo napima mkondo wa umeme.

Kati ya daraja la H linalogeuza upande wa mzunguko na waya mmoja wa mota nimeweka sensa ya ACS712 ya ampea 5. Mota ikisimama, sensa inatoa takriban volti 2.5; kila ampea moja inasogeza volti hiyo kwa milivolti 185, juu au chini kulingana na upande mota inakozunguka. Soma sifuri upya kila mara kabla ya kuwasha mota, maana haikai mahali pamoja.

Kisha pima mota yako mwenyewe. Yangu ikitembea hula ampea 0.7. Nilipozuia dirisha kwa kipande cha mbao kwa sekunde moja tu, ilifika 3. Kikomo nikakiweka 1.8, karibu na katikati. Usikisogeze karibu na 3, kwa sababu betri ikishuka, mkondo wa kukwama nao unashuka na hautakifikia kikomo kamwe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata umeme mara tu kikomo kinapopitwa. Dirisha lilisogea sentimita moja, likasimama. Mota inayoanza kuzunguka haina tofauti na iliyokwama: haijazalisha bado volti yake ya kupingana na betri, kwa hiyo inavuta mkondo uleule mkubwa. Dawa ni kupuuza milisekunde 300 za mwanzo, kisha kudai mkondo ubaki juu kwa milisekunde 100 mfululizo:

```
// kila ms 5
int d = analogRead(A0) - sifuri;
if (millis() - mwanzo < 300) mara = 0;
else if (abs(d) > 68) mara++;   // 1.8 A
else mara = 0;
if (mara >= 20) simamisha();
```

Dirisha likiwa tayari limefungwa na amri ya kufunga ikaja tena, mkondo hautashuka baada ya zile 300, na mota itazimwa vilevile.

Ikishazimwa, nairudisha nyuma milisekunde 150 ili gia zisibaki zimebanana, na programu inakubali tu kuzunguka upande wa pili. Usitegemee mpango huu kulinda kidole cha mtoto: gia inazidisha nguvu, na kidole kinaweza kuumia kabla mkondo haujafika 1.8.

Mkondo wa kutembea nauandika kila wiki. Ukipanda hadi 1.1, nasafisha reli na kupaka grisi.