Asilimia 36 ya nani, na kwa muda gani?

Swali la wiki: Bosi anataka ukurasa mmoja, ripoti ina kurasa zaidi ya mia. Unaipunguzaje bila kuacha ushahidi?

Mimi sianzi kwa kufuta. Ukifuta aya moja moja utaondoa kinachochosha na kubakiza kinachosomeka vizuri, na ushahidi mara nyingi umo kwenye kinachochosha. Nauliza kwanza msomaji ataamua nini baada ya kusoma. Nauandika uamuzi huo juu ya karatasi tupu, kisha napitia ripoti nikitafuta sentensi zinazoweza kumfanya abadili mawazo. Hizo ndizo nazinakili, kila moja na namba ya ukurasa wake. Muhtasari nauandika kutoka kwenye karatasi hiyo, ripoti ikiwa imefungwa.

Chukua majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo matokeo yake ya mwisho yalichapishwa 2015. Yalihusisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Tuseme mkuu wa idara anauliza kama chanjo hii iingizwe kwenye ratiba ya watoto. Kwa swali hilo, historia ya malaria, maelezo ya kila kituo na kurasa za shukrani vinaondoka vyote, wala sivionei huruma.

Kinachobaki ndicho kinachoharibiwa zaidi. Nimeona mihtasari inayosema tu kwamba "chanjo hupunguza malaria kwa asilimia 36". Si uongo, lakini mkuu hawezi kuamua kitu kwa sentensi hiyo. Asilimia 36 ni ya watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17, waliopata na dozi ya nne, wakilinganishwa na wasiopata chanjo hii, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 4. Bila dozi ya nne ni 28. Kwa wachanga walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, hata na dozi ya nne, ni 26, nao walifuatiliwa kwa takriban miaka 3. Kwa hiyo kila takwimu naiandika na wenzake wanne: kundi gani, ikilinganishwa na nani, kwa sharti gani, kwa muda gani. Mmoja akikosekana, takwimu nayo naitoa.

Hebu tuone kwa vitendo. Ripoti za kwetu zingeandika hivi: "Kwa kuzingatia matokeo yaliyopatikana baada ya uchambuzi wa kina uliofanyika, ilibainika kwamba suala la utoaji wa dozi ya nne lina umuhimu wa kipekee katika kuhakikisha kwamba kinga inaendelea kuwepo dhidi ya malaria kali." Maneno yote hayo, na hakuna ushahidi hata chembe. Mimi ningeandika: "Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, dozi nne zilipunguza malaria kali kwa asilimia 32 ikilinganishwa na wasiopata chanjo hii; kwa waliopata dozi tatu tu, kinga hiyo haikuonekana katika takriban miaka 4 ya ufuatiliaji." Urefu ni karibu uleule, lakini sasa mkuu anajua kwamba asipoweza kuwarudisha watoto kliniki mwaka mmoja na nusu baada ya dozi ya tatu, faida hiyo asiitegemee.

Kuna takwimu zinazohitaji maneno ya ziada hata kwenye ukurasa mmoja. Ripoti inasema chanjo yenye dozi nne ilizuia matukio 1,774 ya malaria kwa kila watoto 1,000 wa miezi 5 hadi 17, kwa takriban miaka 4. Msomaji atadhani umekosea kuchapa. Ongeza: "kwa sababu mtoto mmoja huugua mara kadhaa". Ukiona nafasi haitoshi kwa maelezo hayo, iache takwimu yenyewe.

Ushahidi unaopinga pendekezo lako ndio mkono hukimbilia kuukata. Katika kundi la miezi 5 hadi 17, homa ya uti wa mgongo iliwapata watoto 21 waliopata chanjo hii na 1 tu kati ya wasioipata. Lazima ushahidi huo ubaki, pamoja na taarifa kwamba waliochanjwa walikuwa karibu mara mbili ya wenzao. Bila hiyo tofauti inaonekana kubwa kuliko ilivyo, ingawa hata nayo bado ni kubwa. Leo ningeongeza mstari mmoja: utoaji wa majaribio ulioanza 2019 Ghana, Kenya na Malawi haukuonyesha uhusiano huo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo.

Kabla sijatuma, namkabidhi muhtasari mwenzangu ambaye hajaisoma ripoti, nikimwomba aniambie angeamua nini na ni kitu gani kingemzuia. Akitaja asilimia bila kutaja dozi ya nne, narudi kuandika upya.