Zawadi kwa baba mkwe

"Baba mkwe hapa Tukuyu hujinunulia kila anachokitaka, nimpe nini?"

Ndugu yangu, mpelekee mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa juu ya shina la parachichi la kienyeji, kisha umchimbie mwenyewe shimo la sentimita 60 kila upande, kwa sababu mche anaweza kuununua, lakini asubuhi yako hawezi. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, na uhakikishe kiungo cha kubebeshea kinabaki juu ya ardhi. Nilipompandia mjomba, Uyole, nilikifukia, na chipukizi tulilolifurahia likawa limetoka chini yake, yaani la parachichi la kienyeji. Shangazi husisitiza mche mrefu. Mimi huangalia kwanza kama mizizi haijajikunja ndani ya kiriba. Kiwanja kikituamisha maji, usipande, kwani mizizi itaoza.