Bondi ya miaka 3, duresheni 2.49 ndo nini?

"Wakuu, nina bondi ya milioni moja, miaka 3, kuponi asilimia 10 inalipwa mara moja kwa mwaka. Dalali kasema duresheni ni 2.49, maana yake nini?"

Mkuu, yildi ya soko, yaani faida ya mwaka ambayo wanunuzi wanadai kwenye bondi kama yako, ikipanda kwa asilimia moja, mfano toka 10 hadi 11, bei ya bondi yako inashuka kama asilimia 2.49, yildi ikishuka bei inapanda. Inavyopatikana: utalipwa laki, laki, halafu milioni na laki, na kwa yildi ya 10 hela hizo leo zina thamani ya 90,909, 82,645 na 826,446. Zidisha kila moja kwa mwaka wake, jumlisha, gawa kwa milioni, unapata miaka 2.74, gawa tena kwa 1.10 ndo hiyo 2.49. Sasa yildi ikienda 11, duresheni inakwambia bei itakuwa kama 975,100, ila ukipiga hesabu kamili ni 975,563, kwa sababu bei haishuki kwa mstari mnyoofu, inapinda. Yildi ikiruka pointi 4 au 5 kwa mkupuo usiiamini sana hiyo duresheni. Na kama unakaa nayo mpaka iive, kuponi yako iko palepale, anayeumia ni anayeuza kabla.